Stika ya waifai iliyofanya mama mkwe aambiwe simu yake mbovu

Fundi aliyetufungia intaneti ya nyumbani ndiye aliyetuletea ile stika ya QR. Alisema ni zawadi: mgeni akija asihangaike kusomewa neno la siri, aelekeze kamera tu, ameingia. Akaibandika ukutani sebuleni, juu ya meza ya televisheni, akatoa simu yake na kuielekezea. Jina la mtandao wetu likatokea kwenye kioo. "Umeona?" akasema, akarudisha simu mfukoni. Nilifurahi kwa kweli. Kila aliyewahi kumsomea mgeni neno la siri anajua adha yake: hiyo ni kei kubwa au ndogo, ni sifuri au ni herufi O, rudia tena sikusikia.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Tanga.

Mama alishafundishwa na wajukuu kuskani, kwa hiyo hakuomba msaada wa mtu. Akaelekeza simu kwenye stika, jina likatokea, akabonyeza kujiunga. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Akarudia, ikakataa. Nikampigia fundi, na kwa kuwa alikuwa mtaa wa pili akasema anapita.

Alipoingia hakumwamkia mama. Kijana wa umri wa wanawe, ameingia sebuleni, mama amekaa kwenye kochi na mtandio wake, hakuna shikamoo wala hujambo. Akaichukua ile simu mkononi mwake, akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Bibi, hii simu ya zamani, haisomi hizi. Mwambie mwanao akununulie nyingine." Mbele ya wifi zangu wawili na watoto. Mama akanyamaza, akaiweka simu kwenye pochi, na siku ile yote hakuitoa tena. Simu hiyo alinunua mwenyewe kwa hela yake ya nazi.

Jioni nikamwambia, mama naomba nijaribu kitu. Nikaandika neno la siri kwa mkono kwenye simu ileile, herufi moja moja. Ikaingia palepale. Ubovu wa simu uko wapi? Na kama kamera ilikuwa haisomi, jina la mtandao lilitokeaje? Kamera ilisoma vizuri kabisa. Ilichosoma ndicho kilichokuwa kibovu.

Nikachukua programu ya kuskani inayoonyesha maandishi yaliyomo ndani ya ule mchoro badala ya kukimbilia kuunganisha. Vile viboksi vyeusi na vyeupe si uchawi, ni mstari mmoja wa maandishi. Wa kwetu ulisomeka hivi (neno la siri nimeshalibadilisha, kwa hiyo naliweka wazi):

```
WIFI:T:WPA;S:Sebuleni;P:Karibuni;wote24;;
```

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ni neno la siri. Kila kipande hufungwa kwa nukta mkato, ili simu ijue kimeishia wapi. Neno letu la siri lilikuwa Karibuni;wote24, lina nukta mkato katikati, na ruta inalikubali bila shida. Lakini ndani ya QR, simu ikifika kwenye ile nukta mkato inaona P imekwisha. Inabeba "Karibuni" peke yake kwenda nayo kwenye ruta, na ruta inakataa. Ubaya ni kwamba Karibuni ina herufi 8, na 8 ndicho kiwango cha chini cha neno la siri la ulinzi wa WPA, kwa hiyo simu haina sababu ya kulitilia shaka. Inajaribu kwa uaminifu, inafukuzwa, na mwenye simu ndiye anayeonekana hajui.

Dawa yake ni alama moja. Mbele ya nukta mkato iliyo ndani ya neno la siri unaweka mkwaju unaolalia nyuma:

```
WIFI:T:WPA;S:Sebuleni;P:Karibuni\;wote24;;
```

Basi. Mkwaju huo unaiambia simu kwamba nukta mkato inayofuata ni sehemu ya neno. Koma, nukta mbili, alama ya kunukuu na mkwaju wenyewe vinatakiwa kutanguliwa vivyo hivyo, kwenye neno la siri na kwenye jina la mtandao pia. Fundi anayepita nyumba kwa nyumba akibandika stika anatakiwa alijue hili kuliko anavyoijua ngazi yake. Tena alitakiwa ajaribu kwa kujiunga hasa, kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye mtandao huo. Kuona jina likitokea hakuthibitishi lolote, kwa sababu jina lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo QR ni upuuzi? Wiki ile ningekujibu ndiyo bila kufikiri. Lakini stika nilishaibandua, na sasa natumia simu yangu mwenyewe. Kwenye Android kuanzia toleo la 10 unaingia kwenye mipangilio ya waifai, unagusa mtandao uliounganishwa nao, unabonyeza kushiriki, unaweka alama ya kidole, na QR inatokea kwenye kioo. Ile mikwaju simu inaiweka yenyewe. Mama aliskani kutoka kwenye kioo changu akaingia mara moja, akacheka, akanionyesha picha za harusi ya Pangani alizokuwa amezisubiri. Kwa dakika ile nilikuwa tayari kuusifu huu utaratibu kwa kila mtu.

Ila sasa angalieni kitu kingine, maana nacho kinaniudhi. Simu nyingi huandika neno la siri wazi chini ya mchoro huo. Na hata zisipoliandika, mmeona hapo juu nililipataje: kwa kuskani tu. Picha ya QR ni neno la siri lenyewe, halijafichwa popote. Stika yetu ilikuwa inatazamana na dirisha la barazani. Mtu akisimama nje na kuivuta kwa kamera, anayo, na anaweza kumtumia yeyote. Fundi aliibandika pale bila kutuambia neno moja kuhusu hilo. Alituambia ni salama zaidi kuliko kusoma kwa sauti! Salama kwa lipi? La kusomwa kwa sauti angalau amelisikia aliyekuwepo tu.

Ushauri wangu ni huu: kushiriki kutoka kwenye simu, ndiyo, na ukimaliza funga kioo. Stika ya ukutani, hapana. Au basi, kwa nyumba yenye wageni wengi iwepo, lakini iwe ya mtandao wa wageni uliotengwa kwenye ruta, ibandikwe pasipoonekana kutoka nje, na neno lake la siri liwe la herufi na tarakimu tupu.

Fundi nilimtumia ile mistari miwili, wa kwake na uliosahihishwa. Akajibu "sawa dada, nitarekebisha." Stika sihitaji irekebishwe. Namba ya mama nimempa, ampigie, aanze na shikamoo. Mpaka naandika hapa hajapiga, na sitamwita tena nyumbani kwangu hata ruta iungue.