Tahadhari: boksi za "Cat6" ambazo ndani ni alumini

Wenye hoteli, skuli na majengo makubwa, Unguja na Pemba, angalieni kabla ya kulipa. Kuna boksi za kebo ya mtandao zilizoandikwa Cat6, mita 305, bei ya chee, na muuzaji ukimuuliza anakwambia "shaba tupu hiyo". Ndani ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba.

Usisome boksi, soma ganda la kebo yenyewe. Ukiona CCA, iache dukani. Wapo wasioandika kitu, kwa hiyo kwangua waya mmoja kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, hii inageuka nyeupe kama sufuria. Hata boksi lenyewe utalibeba kwa mkono mmoja bila kuhema.

Tatizo halionekani siku ya kufunga. Chukua hoteli ya Paje yenye swichi mapokezi na mkahawa ufukweni, njia ya mita 130. Fundi anavuta kebo moja kwa moja, taa ya swichi inawaka, analipwa, anaondoka. Kikomo cha kebo ya shaba ni mita 100 pamoja na vipande vya mwanzo na mwisho. Ukutani hesabu 90 tu. Zaidi ya hapo ishara inafika imechoka, na alumini inaichosha mapema zaidi. Kasi inashuka kutoka Mbps 1000 hadi 100, au inabaki 1000 huku data ikiharibika njiani na kutumwa upya. Mgeni anaona intaneti nzito, na kampuni ya intaneti inalaumiwa bure.

Kompyuta ya Linux iliyochomekwa mwisho wa kebo itakuonyesha (weka jina la kadi yako badala ya eth0):

```
ethtool eth0 | grep Speed
ethtool -S eth0 | grep -i crc
```

Namba ya crc, yaani hesabu ya data iliyofika imeharibika, ikipanda kila ukirudia, mkosaji ni kebo au vichwa vyake.

Kamera ndizo zinazoumbuka zaidi, khasa za PoE ya volti 24, yaani zinazopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo ya mtandao. Mchana salama, usiku taa zake za kuonea gizani zikiwaka zinavuta umeme zaidi, volti zinapotelea njiani, kamera inazima na kuwaka. Na kwa hewa yetu ya chumvi, alumini inaota kutu nyeupe pale inapobanwa kwenye kichwa.

Kabla hujamlipa fundi, mwambie asokote pamoja waya wa buluu na mwenzake upande mmoja, upande wa pili mpime ukinzani kwa multimita. Kwa mita 90, shaba haizidi omu 17. Ikisoma 23 na kuendelea, mmeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kebo hiyo haitengenezeki kwa kubadilisha vichwa, ing'oeni. Na penye mita 130 hata shaba safi si jawabu: wekeni swichi katikati penye umeme, au vuteni faiba. Kwenye risiti muuzaji aandike "shaba tupu" kwa mkono wake, akisita, ondokeni.