Teleprompta ya simu: nunua nini kwanza ili usionekane unasoma

Ninarekodi video za waongoza watalii hapa Moshi, na karibu kila wiki kuna anayeniuliza anunue teleprompta gani, yaani kifaa au programu ya kukupitishia maneno ya kusoma unaporekodi. Wengi wanatafuta programu nzuri zaidi. Programu zenyewe hazitofautiani sana. Kinachomfanya mtazamaji aone kwamba unasoma ni umbali kati ya macho yako na simu, na upana wa mstari unaousoma. Nimepanga vitu hivi kwa kufuata hilo.

Cha kwanza: stendi ya simu na rimoti ndogo isiyo na waya. Kijana mmoja anayeongoza wageni njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro, alijirekodi simu ikiwa mkononi, sentimita 40 kutoka usoni, maneno yakijaa kioo kizima. Mstari aliokuwa akiusoma ulikuwa sentimita 7 chini ya lenzi. Kwa umbali ule macho yake yalishuka karibu nyuzi 10, na kila mtu aliliona hilo. Tukaisimamisha simu wima juu ya stendi, mita 1.2 kutoka kwake, na nyuzi zikabaki 3 na kidogo. Kisha tukayasogeza maneno juu kabisa, chini tu ya lenzi, herufi kubwa, maneno matatu au manne kwa mstari. Mstari mfupi unasomeka kwa jicho lililotulia. Mrefu unalisukuma jicho kushoto na kulia, na mwendo huo unaonekana upesi kuliko macho kushuka kidogo.

Usilaze simu. Ukiilaza, lenzi inahamia pembeni na maneno yanabaki katikati, kwa hiyo utaonekana unaongea na mtu aliyekaa kando. Rimoti nayo ni ya kusimamisha maneno unapotaka kuvuta pumzi, maana anayekimbizana na maandishi sauti yake hunyooka kama kamba. Chagua programu inayoitambua rimoti hiyo, na uijaribu ukiwa bado dukani.

Kwa programu, anza na ya bure. CapCut ina teleprompta ndani ya kamera yake, na inatosha kwa video ya dakika moja.

Cha pili: maiki ya kubana kwenye kola. Ukisogea mita 1.2, maiki ya simu inaokota upepo na pikipiki kuliko wewe. Nawe utaanza kupaza sauti, na anayepaza sauti anahutubia, haongei.

Cha tatu: teleprompta ya kioo. Hii huweka kioo cha mshazari mbele ya lenzi, na maneno yaliyogeuzwa yanaakisiwa hapo, hivyo unaitazama lenzi yenyewe. Inunue kama unarekodi kwa kamera kubwa na hotuba haitakiwi kukosewa hata neno. Kagua kioo kwa kusoma mstari mmoja: ukiona kila herufi ina kivuli chake pembeni, hicho ni kioo cha dirisha, kiache. Kioo sahihi hupitisha takriban asilimia 70 ya mwanga na kuakisi 30, kwa hiyo chumbani utahitaji taa zaidi. Nje, asubuhi mlima ukiwa wazi, jua linafuta maneno. Ni kifaa cha ndani.

Cha mwisho: kishikwambi kando ya kamera. Sikishauri. Macho yanakwenda pembeni tangu neno la kwanza.

Sasa maandishi yenyewe, ambayo hayauzwi popote. Yule kijana aliandika "mita 5,895". Programu inaihesabu namba hiyo kama neno moja, lakini kinywani ni maneno saba: elfu tano mia nane tisini na tano. Kila alipofika hapo maneno yalimwacha, akaanza kuyafukuza. Tukaandika namba kwa maneno, tukaivunja katika mistari miwili, na kasi tukaipanga kwa kumsikiliza akiongea kawaida badala ya kufuata kasi iliyokuja na programu.

Halafu tukafuta sehemu kubwa ya hotuba. Njia ya Marangu anaijua kwa miguu: geti, Mandara, Horombo, Kibo, kilele. Hivyo ni vituo vitano vya kukumbuka, na kila kimoja kina kitu alichokiona kwa macho yake. Tukaacha kwenye kioo cha simu majina hayo matano na sentensi mbili tu kamili: ya urefu wa kilele, na ile inayosema Marangu ndiyo njia ya kupandia yenye vibanda vya kulala. Zilizobaki alizisema kwa maneno yake, kila kituo kikiwa kipande chake cha video. Alipokosea Horombo, tulirudia Horombo peke yake.

Kama huwezi kusema vituo vyako bila kuangalia popote, usinunue teleprompta ya kioo bado. Nunua stendi, kariri vituo, rekodi kipande kimoja, kisha kitazame ukiwa umezima sauti. Macho yakihama utayaona.