Eapodi za simu na kompyuta kwa pamoja: zipi ununue, na ukishanunua zikisumbua ufanyeje

Mtaani kila kifaa cha masikioni kisicho na waya kinaitwa eapodi, hata kama Apple hawakijui, nami nitaliita hivyo hivyo. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu mkononi na kompyuta mezani, anayetaka eapodi moja ihudumie vyote. Kama una simu tu, karibu yoyote itakufaa na huhitaji kusoma zaidi.

Namba 1: za bei ya kati zenye Multipoint

Neno hilo litafute kwenye boksi, au `Dual Connection` ndani ya programu ya eapodi. Maana yake eapodi inashika vifaa viwili kwa wakati mmoja: unatazama video kwenye kompyuta, simu ikiita video inasimama na unapokea. "Bluetooth 5.3" iliyoandikwa kwa herufi kubwa haikuhakikishii hilo. Ni toleo la Bluetooth tu, na zipo nyingi za 5.3 zinazoshika kifaa kimoja. Mifano ninayoweza kuisimamia ni Soundcore Liberty 4 NC na Sony WF-C700N.

Muuzaji akikwambia "zinaunga vifaa viwili", usibishane naye, jaribu palepale. Unganisha simu yako, kisha ziweke eapodi tena katika hali ya kuunganisha, unganisha simu yake, halafu fungua mpangilio wa Bluetooth wa simu yako na uziunganishe tena kama zilikatika. Cheza wimbo kwenye yako, asimamishe, acheze kwenye yake. Ukisikia zote mbili bila kugusa mpangilio tena, ni kweli. Simu moja ikikatika kila nyingine inapoingia, hizo hukumbuka vifaa viwili lakini hushika kimoja, na ndipo wengi tunapopigwa. Mimi nilitoa shilingi 45,000 kwa za namna hiyo, na kwa miezi minne nilikuwa nazima Bluetooth ya simu kila nilipotaka kusikiliza kompyuta.

Zina kero mbili za kuzijua mapema. Kwanza, mlio wowote wa kompyuta, hata wa barua pepe, unaweza kuukata muziki wa simu kwa sekunde moja. Zima milio hiyo kwenye kompyuta, maana eapodi yenyewe haina kosa. Pili, kwa baadhi ya modeli ukiwasha LDAC, yaani ule mfumo wa sauti ya ubora wa juu wa simu za Android unaofika kilobiti 990 kwa sekunde, Multipoint inazimika. Mtu wa ofisini achague Multipoint.

Kisha kuna jambo linalofanya watu wazirudishe dukani bila sababu. Unaingia kwenye mkutano wa mtandaoni na ghafla sauti inakuwa kama ya redio ya zamani iliyo ndani ya sufuria. Hazijaharibika. Kompyuta ikitaka maikrofoni ya eapodi, Bluetooth ya kawaida huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, ambayo ni nyembamba. Ndani ya programu ya mkutano, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe na uache eapodi ziwe za kusikilizia tu. Sauti inarudi hapo hapo.

Namba 2: AirPods, kama kila kitu chako ni Apple

Kwenye iPhone, iPad na Mac zenye akaunti moja zinahama zenyewe kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Lakini kwenye kompyuta ya Windows au simu ya Android zinakuwa eapodi za kawaida, na kuhama unahamisha kwa mkono. Ndiyo maana ni za pili. Zikikukera kwa kurukia iPhone wakati unatumia Mac, ingia kwenye mpangilio wa AirPods kwenye iPhone, gusa `Connect to This iPhone`, chagua `When Last Connected to This iPhone`.

Namba 3: za bei kubwa

Sony WF-1000XM5 na wenzake wana Multipoint na uzuiaji wa kelele wa hali ya juu. Ukipanda daladala kila siku, kelele peke yake inaweza kuhalalisha bei. Kwa kuunganisha tu, hazikupi kikubwa kuliko namba 1.

Namba 4: za bei ya chini

Sizidharau, na mwanafunzi hana haja ya zaidi. Ila jua unachokutana nacho.

Upande mmoja kunyamaza ndiyo shida yao kubwa. Juzi mpwa wangu aliniletea zake, ya kushoto kimya, akisema imekufa. Nikazirudisha zote mbili kwenye kasha na kutazama: taa ya kulia iliwaka, ya kushoto haikuwaka. Basi tatizo ni chaji. Chini ya ile ya kushoto, vile vidoti viwili vya shaba vilikuwa vimefunikwa na jasho lililokauka. Pamba kidogo yenye spiriti, dakika moja ya kukauka, taa ikawaka. Kama taa ingewaka lakini sauti haitoki, ningetazama kwanza kwenye simu, sehemu ya ufikivu, kama kitelezi cha sauti ya kushoto na kulia kimesogea pembeni. Baada ya hapo ndipo ningezifuta kwenye Bluetooth ya kila kifaa, nizirudishe kasha na kubonyeza kitufe kama kijitabu kinavyoelekeza, ili pande mbili zitambuane upya. Sauti ikiwepo lakini ndogo, ni nta ya sikio kwenye wavu: brashi kavu ya meno, wavu ukiangalia chini.

Kuchelewa kwa sauti nako kuna ujanja wake. Mfumo wa kawaida wa Bluetooth, SBC, unaweza kuchelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Kwenye video huoni, kwa sababu programu huichelewesha picha makusudi ili vilingane. Gemu haiwezi kufanya hivyo, maana haijui utabonyeza lini. Kwa hiyo midomo ikilingana kwenye video lakini risasi ikisikika baada ya kufyatua, washa hali ya gemu kama ipo. Kama haipo, hakuna mpangilio utakaoiponya, tumia waya. Midomo isipolingana hata kwenye video, funga programu hiyo, ukate na kuunganisha upya.

Kukatika-katika mara nyingi si eapodi. Mawimbi yake ni ya 2.4 GHz na mwili wa binadamu, ulio na maji mengi, huyameza. Hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma hadi wa mbele upande wa eapodi inayokatika, utembee hatua kumi. Ikitulia, umepata jibu. Mezani, mtuhumiwa wa kwanza ni diski au flashi ya USB 3 iliyochomekwa kando ya kompyuta: inatoa kelele kwenye mawimbi hayo hayo. Ichomoe uone. Kama Wi-Fi yako ina 5 GHz, hamia huko. Mwenye LDAC achague ubora wa muunganisho badala ya ubora wa sauti.

Ikiwa umeyafanya haya na bado inakatika simu ikiwa kifuani, chumbani kusiko na mtu mwingine, irudishe ndani ya muda wa dhamana. Hapo mbovu ni eapodi.