ScanTailor Advanced na weusi wa pembeni mwa skani: uzoefu wangu wa steshenari, Mtwara

Nina steshenari hapa Mtwara mjini. Ukiacha kopi na kuchapa barua, kazi inayonijia sana kuelekea msimu wa korosho ni kuskani madaftari ya vyama vya msingi: mapokezi, malipo, orodha za wakulima. Programu ninayoizungumzia hapa ni ScanTailor Advanced. Ni ya bure, inaingia kwenye Windows na Linux, na mimi naitumia kwa jambo moja hasa, kuondoa ule weusi unaozunguka ukurasa uliotoka kwenye skana. Kwa kazi hiyo naipenda kuliko zote nilizojaribu, ila ina sehemu moja inayoweza kukufutia maandishi usipoiangalia.

Kwanza weusi wenyewe. Taa ya skana inamulika karatasi na mwanga unarudi chini kusomwa. Karatasi inapoishia, kazi ya kurudisha mwanga inafanywa na ule upande mweupe wa mfuniko. Kaunta buku nene haikubali mfuniko ufunge, kwa hiyo mwanga unapotelea juu na skana inasoma giza. Unaweza kuweka karatasi nyeupe nyuma ya ukurasa, na weusi ukaisha. Mimi siku hizi siweki, kwa sababu karatasi za madaftari haya ni nyembamba na zimeandikwa pande zote mbili: ukiweka cheupe nyuma, maandishi ya upande wa pili yanajitokeza kama kivuli katikati ya hesabu. Nyuma kukiwa na giza hayaonekani sana. Kwa hiyo naskani na weusi wake, kisha naukata.

Kuuacha wakati wa kuprinti ni hasara. Kioo cha A4 kina upana wa milimita 210. Ukurasa ukiwa na upana wa 180, unabaki mkanda mweusi wa sentimita 3 kutoka juu hadi chini, yaani karibu asilimia 14 ya karatasi nzima. Ukurasa wa maandishi ya kawaida unahesabiwa kufunikwa na tona kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo mkanda peke yake unakula tona karibu mara tatu ya maandishi, na mteja hapati chochote ndani yake.

Kazi iliyonifanya niijue vizuri programu hii ilitoka kwa katibu wa chama cha msingi upande wa Tandahimba. Alileta daftari la mapokezi: jina la mkulima, kilo, daraja, namba ya stakabadhi. Namba za kurasa zilikuwa zimegongwa kwa muhuri kwenye kona ya juu kabisa, na mihuri mingine ya chama ilikaa nusu nje ya mistari. Alitaka nakala ya kuhifadhi na nyingine ya kuprinti. Niliskani kwa rangi, nukta 300 kwa inchi.

Nilianza na NAPS2, ambayo ninayo kwa ajili ya kuskani. Ina kikato chake, na unaweza kukata kurasa zote ulizochagua kwa mpigo. Lakini inakata mahali palepale kwenye kila picha. Daftari linasogea kila unapofunua, na ukurasa wa kushoto una weusi upande tofauti na wa kulia. Kwa barua za ukubwa mmoja inatosha, kwa daftari hapana.

ScanTailor inautazama kila ukurasa peke yake. Unapita hatua sita zilizopangwa upande wa kushoto. Kwenye `Fix Orientation` nilizigeuza kurasa zilizotoka kichwa chini, na kwa kuwa zilikuwa zinapishana moja moja, niliiambia igeuze kila baada ya ukurasa mmoja. `Split Pages` niliiachia itambue kuwa kila picha ni ukurasa mmoja. Inayofuata ni `Deskew`, kunyoosha, na ni vizuri imewekwa kabla ya kukata. Ukurasa uliokaa upande ukikatwa kwa mstatili, unabaki na vipembe vyeusi kwenye kona, au unapoteza maandishi ukijaribu kuviondoa.

Kisha `Select Content`, na hapa ndipo penyewe. Kuna visanduku viwili. `Page Box` inatafuta kingo za karatasi, pale weupe unapokutana na giza. `Content Box` inatafuta maandishi yaliyo ndani ya karatasi. Ukiziacha zote kwenye `Auto`, programu inazungushia jedwali la kilo vizuri kabisa, lakini namba ndogo ya kona inaweza kuihesabu kuwa uchafu. Kilicho nje ya kisanduku cha maandishi kinapakwa weupe mwishoni ikiwa `Fill margins` imewashwa. Nilipotelemka kwenye picha ndogo za upande wa kulia niliona kurasa kadhaa namba zimebaki nje, na muhuri mmoja umekatwa katikati. Katibu alikuwa amekaa pembeni yangu, akainama kwenye kioo cha kompyuta akasema, "Mjomba, namba ikipotea, mkaguzi atasema ukurasa umechomekwa." Na ndivyo ilivyo kwa daftari la fedha.

Kwa nakala ya kuhifadhi, basi, niliweka `Page Box` kwenye `Auto` na `Content Box` kwenye `Disable`. Hapo kinachokatwa ni weusi tu na karatasi inabaki nzima, na mikunjo na kona zake. Kwenye `Margins` niliweka sifuri pande zote na kuondoa alama ya `Match size with other pages`, la sivyo inaongeza weupe kulazimisha kurasa zote zilingane. Kwenye `Output` nilichagua rangi na kushusha nukta hadi 300, maana yenyewe huanzia 600, na kukuza picha ya 300 hakuongezi maandishi, kunaongeza uzito wa faili tu.

Upande mmoja `Auto` ilishindwa: penye mshono wa daftari. Pale weusi haukatiki ghafla. Ni kivuli kinachofifia kidogo kidogo, na programu haioni ukingo. Kurasa hizo nilivuta mstari mwenyewe, nikausimamisha karibu na tarakimu ya mwisho bila kuigusa. Kivuli kidogo kilibaki, na kwa hifadhi nilikiacha.

Kwa nakala ya kuprinti nilirudia `Output` kwa `Black and White`. Kivuli kikaisha na tona ikapungua sana. Ila mihuri ya zambarau iliyofifia ilikatika vipande hata nilipounenepesha wino kwa kitelezi, kwa hiyo nakala hiyo ni ya kufanyia kazi mezani, haifai kuwa ushahidi.

Inachotoa ni faili za TIFF ndani ya folda iitwayo `out`. Picha za mwanzo haizigusi, na hilo ndilo lililonifanya niiamini na madaftari ya watu. Kuunganisha PDF nilirudi NAPS2.

Kero yake kubwa kwangu ni kwamba haipokei PDF. Mteja akija na PDF iliyoskaniwa kwingine, natoa picha kwanza kwa amri hii:

```
pdfimages -all daftari.pdf ukurasa
```

Ukizifungua kwenye ScanTailor, ikitokea dirisha la `Fix DPI`, ujue picha hazina taarifa ya nukta kwa inchi. Gawanya pikseli za upana wa picha kwa upana wa eneo lililoskaniwa, ukiupima kwa inchi: skani ya A4 yenye upana wa pikseli 2480 ni nukta 300. Ukijaza namba ya kubahatisha, ukurasa utatoka mkubwa au mdogo kuliko karatasi halisi siku ya kuprinti.