Gemu isiyohitaji mtandao: namna ya kuijua kabla hujapakua, na zipi za kubeba safarini

Mwezi wa sita nilimsindikiza mpwa wangu stendi ya Nanenane hapa Dodoma, anakwenda Kondoa likizo. Usiku wa kuamkia safari alikuwa amepakua gemu ya mpira ambayo jina lake lenyewe linasema haihitaji mtandao. Basi halijatoka, akanionyesha kioo cha simu: mstari wa kijani umekwama katikati, na maandishi yanasema faili za ziada zinapakuliwa. Bando lake lilikuwa limeishia kwenye kupakua. "Mjomba, si wameandika haitumii neti?"

Wameandika, na mechi zenyewe kweli zinachezwa bila neti. Ila kuzifikia ndiko kunakotaka neti. Gemu hudai mtandao mahali patatu tofauti: inapofunguliwa mara ya kwanza ili ivute faili zilizobaki, inapokutaka uingie kwa akaunti, na katika mchezo wenyewe. Neno "offline" kwenye jina huwa linazungumzia mahali pa tatu tu, kwa hiyo hayo mawili ya mwanzo lazima uyachunguze mwenyewe.

Anza na ukurasa wa gemu kwenye Play Store, kabla hujagusa Install. Chini ya picha kuna vibandiko vidogo kama Single player, Multiplayer na Offline. Kibandiko cha Offline ni dalili nzuri, lakini usiishie hapo. Gusa About this game usome maelezo mpaka mwisho, kwa sababu sentensi unayoitafuta huwekwa chini kabisa. Clash of Clans, kwa mfano, wanasema wazi kwamba mtandao unahitajika. Ukikuta maelezo yanajaa koo, ligi, misimu na matukio ya kila wiki, jua kuna seva nyuma yake. Na maneno ya aina ya "cheza popote, wakati wowote" yasikutie moyo, hayaahidi kitu.

Ukiwa hapohapo, shuka mpaka App permissions. Tafuta mstari wa "have full network access". Kama haupo, gemu hiyo haina njia yake ya kuingia mtandaoni, kwa kuwa Android haiiruhusu programu kufanya hivyo bila ruhusa hiyo. Huo ndio uthibitisho mzito kuliko wote utakaoupata bila kupakua. Kama upo, usiitupe gemu bado: karibu kila gemu ya bure yenye matangazo inaiomba ruhusa hiyo kwa ajili ya matangazo tu.

Kinachobaki ni maoni ya watu. Yapange kwa mapya kwanza, kisha soma yenye nyota moja. Gemu iliyokuwa ikifunguka bila neti mwaka jana inaweza kuwa imebadilishwa na toleo jipya, na wa kwanza kulalamika ni wasafiri. Niliporudi nyumbani siku ile niliifungua ile gemu ya mpwa wangu nikayapanga maoni hivyo. Sikushuka sana nikakutana na mtu analalamika kwamba amekwama palepale alipokwama kijana wetu.

Ukishapakua, jaribu nyumbani, tena si asubuhi ya safari. Ifungue ukiwa na bando, ucheze hatua tatu au nne, kwa sababu gemu nyingine huleta hatua kwa mafungu. Kisha nenda Settings, Apps, uichague gemu, ugonge Force stop. Hii ni muhimu: ukiirudisha tu kutoka nyuma ya kioo, inaendelea na kile ilichokwisha kubeba, na hujajaribu chochote. Washa hali ya ndege, halafu hakikisha na Wi-Fi imezimika, maana simu nyingi za sasa huweza kuiacha Wi-Fi ikiwaka hata ndani ya hali ya ndege. Fungua, cheza, funga. Rudia kesho yake asubuhi. Ikifunguka mara zote mbili na ikakuta ulipoishia, hiyo ni ya kubeba. Baada ya hapo rudi kwenye ukurasa wake Play Store, gusa vidoti vitatu juu, uondoe alama kwenye Enable auto update, toleo jipya lisije likaharibu kazi yako usiku wa safari. Ukirudi salama, irudishe.

Sasa aina zenyewe. Nazipanga kwa safari zetu za huku: basi linalotikisika, jua linalopiga dirishani, na chaji ambayo huna uhakika wa kuiongeza njiani.

Nafasi ya kwanza naipa michezo ya zamu na mafumbo: drafti, bao, sataranji, sudoku na ndugu zao. Haikukimbizi. Basi likiruka tuta kidole kikateleza, nyingi zinakuruhusu kurudisha hatua. Kioo hakichezi muda wote, hivyo chaji inadumu, na konda akija kuangalia tiketi unaweka simu chini bila kupoteza kitu. Kwa sataranji, programu ya Lichess ni ya bure, haina matangazo, na unaweza kushindana na jirani yako wa kiti kwenye simu moja bila neti. Kwa mafumbo, Simon Tatham's Puzzles nayo ni ya bure na haina matangazo, na ndani yake kuna mafumbo ya aina nyingi katika programu moja ndogo. Hiyo ndiyo niliyomwekea mpwa wangu kwa safari ya kurudi.

Ya pili ni gemu za kulipia mara moja, kama Stardew Valley ya kilimo au Mini Metro ya kupanga njia za treni. Aliyekwisha kulipwa hana sababu ya kukuletea matangazo. Zifungue mara moja nyumbani ukiwa na neti, kwa kuwa baadhi ya gemu za kulipia huhakiki kwanza kama umenunua. Kwa treni ya SGR kwenda Dar, ambako kiti kimetulia, hizi nazipandisha ziwe sawa na za kwanza.

Ya tatu ni za kukimbia na kuruka, kama Subway Surfers. Inachezeka bila neti, ila zawadi zinazopatikana kwa kutazama tangazo hazitakuja. Zinakula chaji haraka, na kwenye barabara ya vumbi utaanguka kila tuta. Mtoto atazifurahia kwa nusu saa.

Ya nne ni mpira. Hapa ndipo penye mitego mingi, kwa hiyo usibebe gemu ya mpira ambayo haijapita jaribio la hali ya ndege mara mbili.

Free Fire, PUBG Mobile na eFootball sizipi nafasi yoyote kwa safari. Zote zinahitaji mtandao, na hata ukiwa mzuri, treni ikiingia kwenye mahandaki ya Kilosa unakatika katikati ya mechi na kuwaacha wenzako pungufu.