TAHADHARI: "Mabati ya simiti" ya bei nafuu hapa Nakuru

Jamani, kuna muuzaji anayezunguka na kenta akiuza mabati ya mtumba nusu ya bei ya mapya. Anasema ni ya simiti, hayapati kutu na hayapigi kelele mvua ikinyesha. Hapo hadanganyi. Anachoficha ni kwamba yametolewa kwenye nyumba za zamani zilizobomolewa, na kila dalili inaonyesha ni asbesto. Mengine ameyapaka rangi ya kijani. Jirani yangu alinunua ya banda la kuku.

Niliyakagua bila kuyavunja. Sumaku haikunasa. Unene ni kama milimita 6, na bati moja ni zito kiasi cha kuhitaji watu wawili. Upande usiopakwa rangi ni kijivu wenye ukungu, na kwenye pembe iliyokwisha kumeguka zinaonekana nyuzi nyembamba. Kweli, yapo mabati ya simiti ya kisasa yasiyo na asbesto yanayofanana nayo, na ni maabara tu inayoweza kuthibitisha. Lakini bati kuukuu lisilo na alama wala karatasi yoyote, lichukulie kuwa asbesto. Usivunje kipande ili upate kuona vizuri.

Bati zima lililotulia juu ya paa halina hatari kubwa. Shida ni vumbi lake ukilikata, ukilitoboa au ukilisugua. Nyuzi zilizo kwenye vumbi hilo huingia ndani kabisa ya mapafu na hazitoki. Hutakohoa leo. Makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando wake huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, na kwa mvutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu huongezeka sana. Ndiyo maana fundi atakuambia ameyafanyia kazi miaka yote na yuko sawa.

Kwa hiyo kama paa lako ni la aina hiyo na halijapasuka, liache. Likibidi kutoka, kwa Kenya asbesto ni taka hatari kisheria, kwa hiyo tafuta mwenye leseni ya NEMA. Akija na nyundo na kuanza kuangusha mabati chini, mfukuze. Anayeijua kazi hulowesha kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, hufungua skrubu, huteremsha bati likiwa zima, kisha hulifunga kwa nailoni nzito. Huvaa maski ya FFP3; ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Wala hakanyagi bati lenyewe, maana huvunjika ghafla na mtu akaanguka hadi chini.

Mliokwisha kununua, msiyapigilie paani wala msiyakate. Yanyunyizieni maji, yafunikeni kwa nailoni, watoto wasiyakaribie, kisha pigeni ripoti ofisi ya NEMA ya kaunti. Vipande vilivyomeguka visifagiliwe vikiwa vikavu. Pangusa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe pamoja navyo.