Kibwagizo kilekile au kinachopungua?

Hadithi ya video ya kumlaza mtoto wa miaka miwili hubebwa na kibwagizo. Tuseme kifaranga anarudi kwa mama yake jioni, akimuaga mbuzi, ng'ombe, kisha bata.

Njia ya kwanza hurudia maneno yaleyale: "Lala salama, mbuzi. Giza limeingia, mama yupo." Mtoto huyashika upesi. Shida ni kwamba akishayashika huanza kuyasema kwa sauti, na mkifika kwa bata yuko macho kabisa, anasubiri zamu yake.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, hupunguza maneno. Mbuzi na ng'ombe wanaagwa kwa maneno yote, maana mtoto asipoyasikia mara mbili ataona umekosea. Kwa bata ni "Lala salama. Mama yupo." Chini ya bawa la mama, "Mama yupo" tu, halafu sekunde nne bila neno. Mlio wa nyenje unaotangulia kila kibwagizo nao ushushwe kidogo kidogo. Ukikatwa ghafla, mtoto hufumbua macho. Na "Paukwa!" iache kwa hadithi nyingine, inadai kujibiwa kwa kelele.